Gawio la Safaricom lililipwa lini, na tarehe hizo zinamsema nani

Mtu akitaka kujua kama kampuni inalipa vizuri, kwa kawaida hufungua jedwali la magawio ya kila mwaka, huangalia kama namba inapanda au inashuka, kisha hufunga ukurasa. Kwa Safaricom, jedwali hilo linaonyesha hivi: mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2020, shilingi 1.40 kwa hisa, 2021, 1.37, 2022, 1.39, kisha 2023, 2024 na 2025, shilingi 1.20 kila mwaka. Ukiisoma juu juu utasema ni kampuni tulivu, iliyopunguza kidogo ilipoingia Ethiopia na kukaa hapo.

Namba hizo ni sahihi, lakini hazionyeshi fedha zilimfikia nani na mwezi gani. Ukizipanga upya kwa tarehe za malipo, picha inabadilika. Unaanza kuona wenye kampuni ni kina nani, na kila mmoja alikuwa anahitaji fedha wakati gani.

Tuanze na wenyewe. Safaricom ina hisa bilioni 40.065. Katika miaka yote ninayoizungumzia hapa, Serikali ya Kenya ilikuwa na asilimia 35, kupitia Hazina ya Taifa. Asilimia 40 ilikuwa ya kampuni iitwayo Vodafone Kenya, na asilimia 25 iliyobaki ni ya wanaonunua na kuuza katika Soko la Hisa la Nairobi, kuanzia mifuko ya pensheni na wageni hadi watu waliopanga foleni mwaka 2008 kununua hisa kwa shilingi 5. Vodafone Kenya yenyewe ina wenyewe: tangu 2017 Vodacom ya Afrika Kusini inamiliki asilimia 87.5 yake, ambayo ni sawa na asilimia 35 ya Safaricom, na Vodafone ya Uingereza ilibakiwa na sehemu ndogo.

Majina haya yako kwenye ripoti ya mwaka, katika orodha ya wanahisa kumi wakubwa. Mistari miwili ya juu inabeba robo tatu ya kampuni. Chini yao utakuta akaunti nyingi za wawakilishi, yaani benki zinazoshika hisa kwa niaba ya wateja wao, na hapo huwezi kumjua mwenye mali halisi. Kwa hiyo kila nitakachosema kuhusu wanahisa kinawahusu wale wawili wa juu, kwa kuwa ndio pekee ambao ripoti inawataja waziwazi na ambao kalenda zao tunazijua.

Aina mbili za gawio, na nani anayeulizwa

Hadi 2020 Safaricom ilikuwa inalipa gawio mara moja kwa mwaka. Mwaka wake wa fedha unaishia Machi 31, matokeo yanatangazwa Mei, bodi inapendekeza gawio, wanahisa wanalipitisha kwenye mkutano mkuu, kisha fedha zinatoka karibu na mwisho wa mwaka wa kalenda. Kati ya faida kupatikana na fedha kumfikia mwenye hisa, ilipita miezi minane hivi.

Mapema 2021 kampuni ikatangaza kitu ambacho haikuwahi kukifanya tangu iingie sokoni: gawio la awali, senti 45 kwa hisa, jumla ya shilingi bilioni 18.03, la kulipwa mwisho wa Machi kabla hesabu za mwaka hazijafungwa. Tangu hapo ndio utaratibu. Gawio la awali hutoka Machi. La mwisho katika miaka ya karibuni limesogezwa hadi Agosti 31 au karibu na hapo, daftari la wanahisa likifungwa Julai 31.

Gawio la mwisho linapigiwa kura kwenye mkutano mkuu, ambapo hata mwenye hisa mia anaweza kusimama na kuuliza kwa nini si zaidi au kwa nini si pungufu. Gawio la awali linatangazwa na bodi yenyewe, na wanahisa wadogo hupata habari likiwa limeshaamuliwa. Wanaoteua wajumbe wengi wa bodi ni hao wawili wakubwa. Kwa hiyo kampuni inapoanza kulipa gawio la awali, sehemu ya uamuzi inahama kutoka ukumbini kwenda chumba cha bodi, na hilo pekee linatosha kumfanya msomaji aulize mabadiliko hayo yalimfaa nani.

Kupanga upya kwa mwaka wa bajeti

Mwaka wa bajeti wa Serikali ya Kenya unaanza Julai 1 na kuishia Juni 30. Kwa hiyo gawio la mwisho la kampuni, liwe limelipwa Agosti au Novemba, na gawio la awali la Machi inayofuata, yote mawili yanaingia Hazina ndani ya bajeti moja. Lakini katika vitabu vya Safaricom hayo ni ya miaka miwili tofauti: la mwisho ni la mwaka uliopita, la awali ni la mwaka unaoendelea. Jedwali la kawaida huyaweka mbalimbali. Sisi tuyaweke pamoja, kama anavyoyaona mhasibu wa Hazina. Namba ni shilingi kwa hisa moja.

| Bajeti | La mwisho | Maalumu | La awali | Jumla |
|---|---|---|---|---|
| 2018/19 | 1.10 | – | – | 1.10 |
| 2019/20 | 1.25 | 0.62 | – | 1.87 |
| 2020/21 | 1.40 | – | 0.45 | 1.85 |
| 2021/22 | 0.92 | – | 0.64 | 1.56 |
| 2022/23 | 0.75 | – | 0.58 | 1.33 |
| 2023/24 | 0.62 | – | 0.55 | 1.17 |
| 2024/25 | 0.65 | – | 0.55 | 1.20 |

Tazama safu ya mwisho, hasa mistari ya 2019/20 na 2020/21. Mwaka wa kwanza kati ya hiyo miwili, Safaricom ilitoa gawio maalumu la senti 62 juu ya gawio la kawaida, na jumla ikafika 1.87. Gawio maalumu halirudiwi, ndiyo maana likaitwa hivyo. Mwaka uliofuata, kama kampuni ingeendelea na utaratibu wake wa zamani, kila mwanahisa angepokea 1.40 tu. Sehemu ya Serikali, hisa bilioni 14.02, ingeshuka kutoka shilingi bilioni 26.2 hadi bilioni 19.6, tena katika mwaka wa korona.

Lile gawio la kwanza la awali la senti 45 likaziba pengo hilo karibu lote. Hazina ilipata 1.85 kwa hisa, yaani shilingi bilioni 25.9.

Wala faida haikuwa imeongezeka. Mwaka uliokwisha Machi 2021 Safaricom ilipata faida ya shilingi bilioni 68.7, pungufu ya ile ya mwaka uliotangulia, bilioni 73.7. Kilichotokea ni kwamba sehemu ya gawio la mwaka huo, ambayo zamani ingelipwa karibu na mwisho wa 2021, ililetwa mbele hadi Machi. Bajeti ya 2020/21 ikapokea gawio zima la mwaka mmoja na theluthi ya gawio la mwaka mwingine. Kuvuta mbele namna hii kunaleta nyongeza mara moja tu, kwa sababu bajeti inayofuata inakuta sehemu yake imeshachukuliwa, na ili isishuke lazima nayo ivute kutoka mbele. Senti 64 za Machi 2022 zilifanya hivyo, tena kwa ukubwa zaidi, ila hata hizo hazikutosha kuishikilia jumla. Ukifuata safu hadi 2023/24, jumla imefika 1.17. Jedwali la kawaida linaonyesha gawio lililopungua kwa senti 20 hivi. Aliyekuwa anapokea fedha aliona likishuka kutoka 1.87 hadi 1.17.

Kwa maoni yangu hii ndiyo hesabu yenye manufaa kuliko zote ambazo mtu anaweza kuzifanya kwa magawio ya kampuni hii, na haihitaji zaidi ya matangazo ya kampuni na karatasi moja.

Je, hiyo inathibitisha kwamba Hazina ndiyo iliyoomba?

Hapana. Tarehe zinalingana na mahitaji ya Hazina, lakini kulingana si ushahidi wa ombi. Kuna maelezo mengine matatu ya kuyapima kwanza.

La kwanza ni kwamba magawio ya awali ni jambo la kawaida Nairobi. BAT Kenya imekuwa ikiyalipa miaka mingi, na asilimia 60 ya BAT Kenya iko mikononi mwa kampuni mama ya Uingereza. Gawio la awali peke yake halina alama ya serikali.

La pili linahusu ile tarehe, Machi 31. Kwa Hazina, malipo ya Aprili, Mei au hata Juni 30 yangekuwa sawa tu, kwani bajeti ni ileile. Anayejali kwamba fedha ziingie kabla Aprili haijaanza ni yule ambaye mwaka wake wa fedha unaishia Machi 31, naye ni Vodacom, na Vodafone pia. Vodacom wakati huo ilikuwa inaihesabu Safaricom kama kampuni shirika: sehemu yake ya faida iliingia kwenye vitabu vyake hata kama hakuna shilingi iliyolipwa, lakini fedha taslimu ziliingia gawio lilipolipwa tu. Vodacom nayo ina wanahisa wake wanaosubiri gawio. Kwa mmiliki wa namna hiyo, fedha zilizofika Machi 31 na zilizofika Aprili 1 ziko kwenye ripoti mbili tofauti.

La tatu ndilo jepesi kuliko yote: Machi 31 ni siku ambayo Safaricom yenyewe inafunga mwaka wake, na kulipa gawio la awali ndani ya mwaka husika ni utaratibu safi.

Ninavyosoma mimi, tarehe ya Machi 31 inaelekea zaidi kwa Vodacom na kwa kalenda ya kampuni, na ukubwa wa malipo ya 2021 unaelekea kwa Hazina. Wakubwa hawa wawili hawakuhitaji kupingana, kwa sababu utaratibu mmoja uliwafaa wote. Ndiyo maana ulipita bila kelele na umedumu.

Tahadhari moja kuhusu tarehe zenyewe. Matangazo husema gawio litalipwa "mnamo au karibu na" siku fulani, na maneno hayo yana kazi. Machi 31, 2024 ilikuwa Jumapili ya Pasaka. Agosti 31, 2025 nayo ilikuwa Jumapili. Ukijenga hoja juu ya siku moja, hakikisha kwanza ilikuwa siku ya benki.

Shilingi 1.20, ya faida ipi?

Baada ya kupanga tarehe, swali linalofuata ni kama kampuni ililipa kilichopatikana. Sera ya Safaricom ilijulikana kwa muda mrefu kuwa karibu asilimia 80 ya faida. Gawio la 1.20 ni shilingi bilioni 48.08 kwa mwaka.

Mwaka uliokwisha Machi 2024, faida ya kundi zima baada ya kodi ilikuwa bilioni 42.7. Mtu akigawanya 48.08 kwa 42.7 anapata asilimia 113 na kupiga yowe kwamba kampuni inalipa isichokuwa nacho. Wengi walifanya hivyo. Lakini katika taarifa ileile, mistari michache chini, kuna faida nyingine: ile inayowahusu wanahisa wa Safaricom wenyewe, bilioni 63. Tofauti ni Ethiopia. Safaricom inajumlisha hesabu zote za kampuni ya Ethiopia katika vitabu vyake, lakini inamiliki zaidi kidogo tu ya nusu, na karibu nusu ya hasara ya huko inabebwa na washirika wengine. Ukitoa sehemu ya hasara isiyo ya kwako, faida yako inapanda. Kwa kipimo hicho gawio ni asilimia 76. Mwaka uliofuata faida hiyo ilifika bilioni 69.8, gawio likabaki palepale, na uwiano ukashuka hadi asilimia 69.

Kigawanyo sahihi cha gawio ni hiyo faida ya pili, kwa sababu gawio linalipwa kwa wanahisa hao tu. Hata hivyo hiyo nayo haitoshi. Fungua taarifa ya mtiririko wa fedha ya mwaka huohuo, tafuta mstari wa magawio yaliyolipwa, kisha mstari wa mikopo mipya. Kampuni ilikuwa inajenga mtandao Ethiopia, inakopa, na inalipa gawio kwa wakati mmoja. Uwiano wa asilimia 76 ni wa haki kihesabu, lakini hauonyeshi kwamba kulikuwa na uamuzi wa kukopa kwa ajili ya minara huku fedha za ndani zikienda kwa wanahisa.

Kwangu, kule kutobadilika kwa 1.20 miaka mitatu mfululizo kunasema mengi kuliko uwiano wowote. Faida inayowahusu wanahisa ilikuwa bilioni 62.3, kisha 63, kisha 69.8, na gawio halikusogea hata senti. Huyo ni mlipaji anayetaka kuweka kiwango kinachoweza kuandikwa mapema kwenye bajeti ya mtu mwingine. Kwa Serikali yenye asilimia 35, 1.20 ilikuwa shilingi bilioni 16.8 kila mwaka: katika miwili ya mwisho, 7.7 mwezi Machi na 9.1 mwezi Agosti.

Katika kusoma mizania nako kuna mtego. Kwa kanuni za uhasibu, gawio lililopendekezwa Mei si deni la kampuni tarehe Machi 31. Kabla ya 2021, kwa hiyo, mizania ya Machi ilionyesha fedha nyingi benki ambazo zote zilikuwa njiani kutoka. Baada ya 2021, sehemu yake imeshatoka siku ileile ya kufunga hesabu. Ukilinganisha akiba ya Machi 2020 na ya Machi 2021 bila kukumbuka bilioni 18 za gawio la awali, utaisoma biashara vibaya.

Mwenye hisa elfu moja

Yeye kalenda hii inamgusa kwa namna nyingine. Kwa gawio la Agosti 2025, ilimpasa awe kwenye daftari Julai 31, siku ya Alhamisi. Nairobi ununuzi hukamilika siku tatu za kazi baada ya kununua, kwa hiyo aliyenunua Jumatatu Julai 28 aliingia, na aliyenunua Jumanne alichelewa. Kama ni mkazi wa Kenya, senti 65 mara elfu moja ni shilingi 650, kodi ya zuio ya asilimia 5 ni shilingi 32.50, anabaki na 617.50. Mwezi Machi alikuwa amepata 522.50 kwa hesabu hiyohiyo.

Vodafone Kenya, kwa kuwa ni kampuni iliyosajiliwa Kenya na inamiliki zaidi ya asilimia 12.5, hupokea gawio lake bila kodi hiyo. Kodi inakuja baadaye fedha zinapovuka mpaka kwenda kwa wenyewe. Hiyo ni sababu moja ya hisa hizo kushikwa kupitia kampuni ya Nairobi, na ni jambo ambalo usingelihisi kama ungesoma gawio bila kusoma daftari la wanahisa.

Kwa mdogo huyu, kugawa malipo mara mbili kwa mwaka ni nafuu ya kweli kama analipwa kwa M-Pesa. Kama bado anangojea hundi au akaunti yake ya benki ilishakufa, kila malipo madogo yanaongeza fungu la magawio yasiyodaiwa, ambayo hatimaye sheria inayapeleka kwa mamlaka ya serikali inayosimamia mali za namna hiyo.

Desemba 2025

Desemba 2025 Serikali ilitangaza mpango wa kuiuzia Vodacom asilimia 15 ya Safaricom kwa shilingi 34 kwa hisa, jumla ya bilioni 204.3. Serikali ingebaki na asilimia 20. Watu wengi walibishana kuhusu hiyo 34. Mimi naona sehemu iliyostahili kusomwa polepole zaidi ni nyingine: pamoja na bei ya hisa, Serikali ingepokea kutoka upande wa Vodacom shilingi bilioni 40.2 mapema, kama badala ya magawio ya baadaye ya hisa zitakazobaki.

Weka historia tuliyoipanga juu ya namba hiyo. Asilimia 20 ni hisa bilioni 8.01. Kwa 1.20, ni shilingi bilioni 9.6 kwa mwaka. Kwa hiyo bilioni 40.2 ni sawa na magawio ya miaka minne na kidogo kwa kiwango hicho. Kila gawio linapopanda, muda huo unapungua kwa anayepokea haki hiyo.

Kwa jicho la tarehe, huu ni ule mwendo wa 2021 kwa kipimo kikubwa zaidi. Wakati ule theluthi ya gawio la mwaka mmoja iliingizwa kwenye bajeti iliyotangulia. Sasa mapato ya miaka kadhaa yanaletwa kwenye bajeti moja. Na kwa kuwa mwenye kupokea magawio hayo angekuwa upande uleule utakaokuwa na kura nyingi kwenye bodi, gawio la awali la Machi ndilo la kulitazama kwanza, maana ndilo linalopangwa bila kupita mkutano mkuu. Linganisha sehemu yake katika gawio la mwaka mzima na ile ya miaka mitatu ya 1.20, ambapo ilikuwa kati ya asilimia 46 na 48. Ikipanda kwa kiasi kikubwa huku gawio la mwisho likibaki palepale, rudi kwenye orodha ya wanahisa kumi wakubwa uangalie nani kasogea.